Mishale Miwili Isiyokuwepo: Protoni, Sumaku na Picha za Mwili

Mhadhara wa umma, Tumbe, Pemba



Nimekuja kugombana na mchoro. Aliyefungua kitabu cha kufundishia kipimo cha MRI huenda ameuona: protoni zimetapakaa ukurasani, kila moja na mshale wake, nusu na ziada kidogo zinatazama juu, zilizobaki zinatazama chini. Sumaku, tunaambiwa, huilazimisha kila protoni ichague upande mmoja kati ya hiyo miwili. Wimbi la redio huzipindua baadhi yake, na zinaporudi hutoa wimbi, nalo ndilo linalonaswa na mashine. Mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, ameutetea mchoro huu kuwa ni uongo mdogo wenye manufaa kwa mwanafunzi. Mimi sioni manufaa yake.

Ya msingi nitayapita mbio. Kiini cha hidrojeni ni protoni moja. Ina spini ya nusu, na kwa sababu ya spini hiyo ina momenti ya sumaku. Ukiiweka ndani ya uga wa sumaku, haiufuati uga ikalala. Huyumba kuuzunguka, kama pia ya mtoto inavyoyumba inapozunguka sakafuni. Kasi ya kuyumba huamuliwa na nguvu ya uga: megahezi 42.58 kwa kila tesla 1. Katika mashine ya hospitali ya tesla 1.5 ni karibu megahezi 64. Katika uga wa dunia yenyewe, protoni za maji ya bahari hapo nje zinayumba kiasi cha mara 1,400 kwa sekunde, na hakuna anayezisikia. Wimbi la redio linalokwenda kwa mwendo uleule wa kuyumba ndilo pekee linaloweza kuziinamisha. Hiyo ndiyo resonansi.

Sasa tuufuate mchoro hadi mwisho wake. Katika tesla 1.5, kwa joto la mwili, hesabu za Boltzmann zinasema kwamba katika protoni milioni 1, za juu zinazizidi za chini kwa 5 hivi. Mpiga picha anatuma mpigo wa redio wa nyuzi 90, ule wa kila siku. Kwa lugha ya mchoro, mpigo huo unayasawazisha makundi mawili, nusu kwa nusu. Mishale iliyosawazika hufutana, kwa hiyo koili haina cha kupokea. Lakini muulize yeyote aliyewahi kukaa mbele ya mashine: ishara huwa kubwa kuliko wakati wowote mara tu baada ya mpigo wa nyuzi 90. Nadharia inayotabiri kimya mahali penye ishara kubwa kabisa haina la kurekebishwa pembeni.

Mwenzangu alijitetea kwa lile wimbi linalotoka protoni zinapoanguka. Tulifanyie hesabu. Protoni iliyoachwa peke yake katika megahezi 64 ingengoja muda uliozidi umri wa ulimwengu kabla ya kutoa chembe moja ya wimbi kwa hiari yake. Mgonjwa analala ndani ya mashine nusu saa.

Kilichopo ni hiki. Momenti za protoni zinaelekea kila upande, juu, chini na ubavuni, kwa sababu joto la mwili linazitikisa kuliko sumaku inavyoweza kuzipanga. Uga unazielemeza kidogo mno upande wake, na mwelemeo huo wote ukijumlishwa unakuwa sumaku moja ndogo. Mpigo wa redio haupindui protoni mojamoja. Unazigeuza zote pamoja, nao mwelemeo unageuka nazo. Ukilala ubavuni, unazunguka mbele ya koili na kuzua umeme ndani yake, kwa kanuni ileile ya Faraday inayoendesha jenereta.

Haya si mageni. Felix Bloch wa Stanford aliyaandika mwaka 1946, katika makala ya jarida la Physical Review ambayo nimewasomesha wanafunzi wangu mpaka wakanichoka. Mwaka 1952 yeye na Edward Purcell wa Harvard waligawana Tuzo ya Nobeli. Purcell na wenzake waliipima nishati inayofyonzwa na nta ya parafini; Bloch alitaka kusikia umeme unaozuka kwenye koili iliyowekwa kwa pembe mraba na ile ya kutuma. Ninachokipenda kwake ni adabu ya swali lake. Aliyajua vizuri mahesabu ya kwanta, lakini hakuiuliza protoni moja iko wapi. Aliuliza jumla yake inakwendaje, akaipa milinganyo mitatu, mmoja kwa kila upande wa nafasi, na nyakati mbili: muda wa mwelemeo kurudi kwenye uga, na muda wa protoni kupoteana hatua mpaka ishara ikafa. Karibu kila picha ya MRI mnayoiona inatoka kwenye nyakati hizo mbili.

Mpinzani wangu ana haki yake. Viwango vya nishati ni viwili kweli, na bila kwanta hatujui kwa nini spini ni nusu wala ile ziada ya 5 inatoka wapi. Nakubali. Bado ningeuweka mchoro wake sura ya mwisho, kwa sababu ukitangulia unazaa imani kwamba sumaku dhaifu haifai kitu: isiyoweza kulazimisha itaonyesha nini?

Jibu liko Mbarara, Uganda. Mwaka 2022 Johnes Obungoloch na wenzake wa chuo kikuu cha pale, pamoja na watu wa Leiden, Delft na Penn State, waliunganisha papo hapo mashine ya MRI ya sumaku za kudumu, vipande vidogo vilivyopangwa kwa pete. Uga wake ni karibu militesla 50, na kuyumba kwake karibu megahezi 2.1. Mwelemeo unapungua mara 30 ukilinganisha na hospitali, lakini haupotei. Waliokusudiwa ni watoto wachanga wenye maji kichwani. Swali la daktari ni moja: maji yako wapi na ubongo umebaki kiasi gani? Ishara ya ubongo inafifia ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde hivi. Ya maji yale inadumu zaidi ya sekunde 1. Ukisubiri sehemu ya kumi ndipo usikilize, ubongo umebakiwa na theluthi, maji yako karibu kamili, na mpaka wao unaonekana hata kwa madoa ya milimita 3 au 4. Uvimbe mdogo usiutafute hapo.

Ami yangu, mvuvi wa hapa, aliporudi kutoka Dar es Salaam alikopimwa kwa MRI aliniuliza: "Mwanangu, mle ndani wanagonga nini?" Hagongi mtu, ami. Ni koili zinazoufanya uga uzidi upande mmoja na upungue mwingine, ili protoni za kila mahali ziyumbe kwa mwendo wake na tujue ishara imetoka wapi. Umeme wake huwashwa na kuzimwa upesi, na uga mkubwa huzisukuma zikagonga.

Sumaku dhaifu hugonga kidogo. Tatizo lake ni joto. Sumaku za neodimiamu hupoteza karibu sehemu 1 kwa 1,000 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, yaani hezi 2,100 katika mashine kama ya Mbarara. Kila doa la picha likipewa hezi 160, nyuzi 1 tu inaisogeza picha nzima madoa 13 upande wa kusomea. Dalili yake ni kichwa cha mtoto kukatwa ukingoni mwa picha na kutokea upande wa pili, ilhali mtoto hakutikisika. Joto likipanda katikati ya kipimo, picha inaingia ukungu. Dawa ni kuyapima masafa upya kabla ya kila picha, na kuifunika sumaku isipigwe na upepo wa mlangoni. Mbarara ni nyanda za juu; hali yake ya joto si ya hapa. Anayetaka kuijenga mashine hii Pemba, kwenye chumba kinachopanda nyuzi 5 kati ya alfajiri na adhuhuri, aanze kwa kuandika joto la chumba hicho kila saa kwa mwezi mzima, kaskazi na kusi, kabla hajaagiza kipande kimoja cha sumaku.