Proksi, VPN na Tor: unajificha mbele ya nani?

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)



Munajua ile shida: unarudi toka kambini, unakuta mtu amejenga ndani ya parseli yako. Mama mmoja kati yetu yalimpata. Aliandika mashitaka yake kwenye tovuti ya shirika moja la haki za binadamu, akitumia wifi ya duka karibu na soko. Mwenye duka ni shemeji ya yule aliyekalia parseli. Mtoto wa dada yake alikuwa amemuwekea proksi ndani ya telefone, akamwambia: «Mama mdogo, sasa hakuna mtu atakuona.» Kesho yake yule mtu akamuuliza njiani: «Kumbe unatushitaki kule?»

Hatukupata hakika alijulia wapi. Lakini njia ya kujua ilikuwa wazi, na ndiyo nataka tuitazame.

Tovuti inayoanza na https ni sawa na barua ndani ya bahasha iliyofungwa. Mwenye wifi na kampuni ya simu hawasomi maneno yako, lakini jina la tovuti unayoendea wanaweza kuliona, sababu liko inje ya bahasha. Tovuti nayo inaona namba ya mtandao uliotokea.

Proksi ni mtu unayemutuma apeleke bahasha kwa niaba yako. Tovuti inaona namba ya proksi, haioni yako. Ila proksi za kawaida hazifungi njia ya kutoka kwako mpaka kwao. Telefone inaambia proksi jina la tovuti kwa sauti, na mwenye wifi akisikiliza anasikia. Mama yetu alijificha mbele ya tovuti, ambayo hakuiogopa, akabaki wazi mbele ya duka. Tena proksi mara nyingi inabeba programu moja tu. Zingine zinapita njia yao ya zamani.

VPN inatia bahasha zote za telefone ndani ya gunia moja lililofungwa. Mwenye duka anaona tu kwamba kuna gunia linaenda kwa VPN, saa ngapi na uzito gani. Hiyo ingemufaa mama. Lakini gunia linafunguliwa kwa mwenye VPN, na yeye anajua wewe ni nani na unaenda wapi. VPN ya bure ambayo haujui mwenyewe ni nani, umehamisha tu lile jicho la duka. Hatari ingine: wifi ikikatika na kurudi, VPN inaweza kubaki imezimika bila wewe kujua. Kwenye Android, ingia mahali pa VPN, uwashe «VPN permanent» na «Bloquer les connexions sans VPN».

Tor inapitisha barua kwa mikono mitatu. Wa kwanza anakujua wewe, lakini hajui unaenda wapi. Wa katikati anajua wenzake wawili tu. Wa mwisho anajua tovuti, hakujui wewe. Hakuna mmoja mwenye habari yote. Unatumia Tor Browser, na ukifungua check.torproject.org itakuambia kama umepita kweli. Ni polepole, na inafunika kile kivinjari tu, si telefone nzima. Tovuti isiyo na https, yule wa mwisho anaweza kusoma maneno yako.

Tena mwenye wifi anaweza kujua kwamba unatumia Tor. Mwaka 2013, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Harvard alituma vitisho vya bomu kupitia Tor, akiwa kwenye wifi ya chuo. Tor haikuvunjwa. Wapelelezi walitafuta nani alitumia Tor mle saa zile, wakamufikia, naye akakubali. Ile njia inaweza kumupata pia mtu asiye na kosa. Kwa hiyo, hata na Tor, mama asingeandikia dukani kwa shemeji. Angetafuta mahali pengine.

Na kuna mahali zote tatu zinashindwa. Ukiandika jina lako na namba yako kwenye fomu, anayeipokea anakujua. Mwenye kushika telefone yako iliyo wazi anasoma yote. Na internet ikizimwa kabisa, kama hapa kwetu toka mwisho wa 2018 karibu majuma matatu, hakuna hata moja inayopita.

Basi mbele ya kuweka kitu ndani ya telefone, uliza: naogopa nani? Kama ni mwenye wifi, VPN ya watu unaowaamini inatosha. Kama haupaswi kumuamini yeyote mmoja njiani, ni Tor. Proksi, kwa mashitaka ya namna hii, hapana.

Wenye telefone za Android wabaki kidogo, tuwashe zile nafasi mbili pamoja.