Maneno Mapacha katika Baruapepe za Ofisini: Pale Kikagua Tahajia Kinaponyamaza

Mada kwa semina ya makatibu mahsusi, maofisa ugavi na watunza kumbukumbu



Naomba tuanze na baruapepe fupi. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya leo, lakini nadhani kila mmoja wetu amewahi kupokea ndugu yake. Imeandikwa na ofisa ugavi kwenda kwa mkuu wa chuo:

```
Dear Principle,
The Board has approved in principal the purchase of stationary.
The new printers will compliment the old ones.
```

Iandikeni kwenye kompyuta yoyote yenye kikagua tahajia cha kawaida, na huenda msione hata mstari mmoja mwekundu. Kikagua tahajia hakisomi maana. Kinachukua neno moja moja na kulitafuta katika orodha yake; likiwamo, kinapita. Hapo juu yamo maneno manne yasiyostahili kuwapo mahali yalipo, na yote manne ni maneno halali ya Kiingereza. Word, tangu toleo la 2007, ilianza kuangalia pia maneno ya jirani na kuweka alama ya bluu pale inaposhuku. Ni msaada, lakini mara huona na mara hupitiwa, na anayeandika kwa haraka akizoea kungoja alama hiyo, huichukulia kimya chake kama ruhusa.

Sikio nalo halina la kutuambia. Sisi tumelelewa na lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa. Mtoto wa darasa la pili akilisikia neno la Kiswahili, kwa kawaida ataliandika sawa. Tabia hiyo tunaingia nayo kwenye Kiingereza, tukiandika huku tunalitamka neno kimoyomoyo. Kwa jozi hizi tatu njia hiyo imefungwa, maana “principal” na “principle” hutamkwa sawa hata na Mwingereza wa London, na ndivyo ilivyo kwa “stationary” na “stationery”, na kwa “compliment” na “complement”. Wenye lugha hukosea hapa kama sisi. Kwa hiyo ndugu zangu, tusione haya. Tutafute kipimo kingine.

Kipimo ninachokipendekeza tunacho tayari: ni Kiswahili. Maneno yanayogongana masikioni kwa Kiingereza yanakaa mbalimbali kabisa kwetu. Mkuu wa chuo na kanuni hawajawahi kuchanganywa na mtu. Ukiirudisha baruapepe ile kwa Kiswahili neno kwa neno, ofisa wetu amemwandikia “Mpendwa Kanuni”, kisha akamwarifu kwamba Bodi imeidhinisha ununuzi wa kitu kilichosimama tuli, na kwamba printa mpya zitazipongeza zile za zamani.

Sasa tuinyooshe, tukianza na jozi ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoumiza kichwa. Neno lenye mwisho wa “-ple” lina kazi moja tu: ni nomino, na maana yake ni kanuni, msimamo au msingi wa jambo. Halitangulii nomino nyingine kuieleza. Lenye “-pal” linaweza kuwa nomino, yaani mkuu, na linaweza pia kuwa kivumishi chenye maana ya “kuu”. Hivyo ukikuta neno hili limetangulia jina la cheo, sababu au kitu, usifikiri mara mbili, andika “-pal”. Sababu kuu ni “principal reason”. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilileta cheo cha Principal Secretary, na kwenye baruapepe utakiona kimeandikwa kwa “-ple”, tena wakati mwingine na watu wa wizara husika. Cheo hicho kwa Kiswahili ni Katibu Mkuu, na hilo “Mkuu” ndilo jibu lenyewe.

Upande wa pili kuna “approved in principle”, yaani kuidhinishwa kimsingi: wakubwa wamekubali wazo, ila masharti na fedha bado. Hapa neno la Kiswahili linatupeleka sawasawa, maana kimsingi ni msingi, na msingi ni “-ple”.

Lakini kipimo changu kina shimo, na ni haki niwaonyeshe lilipo. Kwenye mikopo, zile fedha zilizokopwa kabla ya kuongeza riba huitwa “principal”, kwa “-pal”. Maofisa mikopo wetu wengi huziita deni la msingi. Mwandishi akisikia “msingi” anakwenda moja kwa moja kwenye “principle”, na barua ya benki inatoka ikisema mteja amelipa riba lakini bado anadaiwa kanuni. Kwa barua za mikopo, basi, acheni neno “msingi” kabisa. Jiulizeni: hii ni hesabu ya fedha? Ikiwa unaweza kuandika tarakimu mbele yake, ni “-pal”. Hakuna kanuni yenye shilingi milioni nne.

Jozi ya pili ni nyepesi kwa maana lakini ndiyo inayoonekana sana mitaani. Vibao vya maduka ya kutoa kopi na kuuza kalamu vimeandikwa kwa “a” kiasi kwamba macho yetu yameshazoea. Tunasema “steshenari”, na ile “na” tunayoitamka inatuvuta kwenye “a”.

Historia yake inasaidia kukumbuka. Katika Ulaya ya zama za kati wauzaji wengi walitembeza bidhaa zao. Muuza vitabu aliyekuwa na kibanda cha kudumu, aghalabu karibu na chuo kikuu, aliitwa kwa Kilatini “stationarius”, yaani mwenye kituo, asiyehama. Kwa Kiingereza akawa “stationer”. Chama cha watu hao kiliundwa London mwaka 1403 na kikapewa hati ya kifalme mwaka 1557. Bidhaa za “stationer” ndizo “stationery”, kama vile vitu vya “baker” hupatikana “bakery” na vya “grocer” hupatikana “grocery”. Ukimwona muuzaji ndani ya neno, “er” yake unaiona pia. Neno la “a” limebaki na maana ya kusimama pasipo kusogea, na ofisini utalihitaji zaidi kwenye taarifa za ajali unapoiandikia bima kwamba gari la ofisi lilikuwa limesimama lilipogongwa.

Mtu atasema: mradi msomaji ameelewa, herufi moja ina ubaya gani? Kwa jozi hii nakubaliana naye nusu. Mzabuni akiona “supply of stationary” ataleta karatasi tu. Nusu nyingine ni kompyuta, kwa kuwa kwake herufi moja ni neno tofauti. Tuseme kwenye jedwali la matumizi la Excel baadhi ya mistari imeandikwa kwa “e”, jumla yake shilingi 1,200,000, na mingine kwa “a”, jumla 350,000. Mhasibu akiomba jumla ya “Stationery” atapata 1,200,000, na hatajua kuna fedha nyingine imejificha nyuma ya herufi. Mkaguzi akija, tofauti hiyo itaombewa maelezo. Mpaka majedwali ya zamani yatakaposafishwa, tumieni nyota ili zote mbili zihesabiwe:

```
=SUMIF(B:B,"Station*",C:C)
```

Kichwa cha baruapepe nacho kina tabia yake. Kosa likiingia hapo, kila anayejibu analibeba. Na ukilisahihisha katikati ya mazungumzo, Gmail huanzisha mtiririko mpya, hivyo majibu ya mwanzo yanabaki upande mmoja na ya baadaye upande mwingine. Ndiyo maana nasema kichwa kisomwe mara mbili kabla ya barua ya kwanza kutoka. Ikishatoka na kosa, kama shauri linaendelea, heri liachwe hapo na usahihi uandikwe ndani ya barua.

Jozi ya tatu ndiyo yenye fedha. “Compliment”, kwa “i”, ni sifa au pongezi. “Complement”, kwa “e”, ni kijazo, kitu kinachokamilisha kingine. Zahanati yenye wauguzi wake wote inasemwa ina “full complement”. Yote mawili yametoka kwenye kitenzi kimoja cha Kilatini chenye maana ya kujaza, ila la “i” lilizunguka kupitia Kihispania, Kiitaliano na Kifaransa na kurudi likiwa na maana ya adabu. Msihangaike na safari hiyo. Shikeni kwamba “complement” na “complete” yana “e” ileile.

Hatari iko kwenye vivumishi vyake. “Complimentary” katika biashara ni bure, zawadi ya mwenyeji: chai ya asubuhi, tiketi ya mwalikwa. “Complementary” ni kinachoendana na kingine, na haisemi lolote kuhusu bei. Chukueni mfano wa hoteli ya Zanzibar inayomwandikia wakala wa safari kwamba usafiri wa kutoka uwanja wa ndege ni “complementary”. Wakala anajua watu hulikosea neno hili, anasoma “bure”, na anawaahidi hivyo wageni wake 14. Wageni wanafika, dereva anadai dola 25 kwa kila mtu. Dola 350 zinagombaniwa mapokezini, na barua haimwokoi mtu: hoteli inasema neno lililoandikwa halina maana ya bure, wakala anasema kila hoteli huliandika hivyo ikimaanisha bure. Kwa maoni yangu, mahali penye bei neno hili lisitumike peke yake. Andikeni “free of charge”, au tajeni kiasi. Maandishi hayo yanapoteza ukarimu kidogo, nakiri, lakini hayaleti kesi.

Kwa kazi ya kila siku, kabla ya kubonyeza “Send”, tafuteni vipande vitatu tu ndani ya barua: `princip`, `station` na `compl`. Kila kitakapojitokeza, semeni kwa Kiswahili mnachokusudia, kisha mtazame mwisho wa neno. Kwenye Gmail ya kivinjari na kwenye Word ni Ctrl+F. Kwenye Outlook ile ya kusakinishwa ya zamani tahadharini, maana Ctrl+F huko ni amri ya kupeleka barua kwa mtu mwingine. Ndani ya barua iliyofunguliwa, kutafuta ni F4. Msitumie “badilisha zote” hata siku moja, kwa sababu barua moja inaweza kuwa na mkuu wa chuo na kanuni zake pamoja.

Na yapo maneno msiyopaswa kuyagusa. Ikiwa duka limesajiliwa BRELA kwa jina lenye “Stationary”, kwa “a”, hilo ndilo jina lake kisheria. Kwenye hati ya ununuzi, ankara na malipo ya benki liandikwe hivyohivyo lilivyo kwenye cheti, la sivyo jina litatofautiana na la akaunti na malipo yanaweza kurudi. Kwenye safu ya maelezo ya bidhaa, mstari uleule, karatasi na kalamu zake ziandikwe kwa “e”.