Ramani Iliyopinduka

Tangazo la juma hili mmelisikia, wasikilizaji. Ofisi ya kuhudumia wananchi inahamia ndani ya jengo la maduka hapa Nakuru, ghorofa ya pili, na mwananchi anaambiwa asihofu kupotea, ramani ipo ukutani. Ramani ipo, ndiyo. Tunachohofia sisi ni namna ilivyobandikwa.

Chukua mama aliyetoka Subukia alfajiri. Matatu imemshusha nyuma ya jengo, kaingilia lango la nyuma. Ramani iko mbele yake, na nukta nyekundu inamwonyesha aliposimama, kwa Kiingereza. Lifti imechorwa upande wa kulia. Anakwenda kulia, anaishia vyooni.

Mama hakukosea. Ramani ile ilichorwa kwa macho ya mtu anayeingilia lango la mbele. Kwa lango la nyuma wakachapisha nakala ile ile, wakahamisha nukta tu. Lakini anayeingilia nyuma ameelekea upande wa pili, kwa hiyo kulia kwa ramani ni kushoto kwake. Ramani ya ukutani ina sharti: kilichochorwa juu kiwe ndicho kilicho mbele ya msomaji. Sharti hilo likivunjwa, ramani ipo, na mtu anapotea.

Utaijuaje? Simama uitazame, kisha tafuta kitu kimoja unachokiona kwa macho yako, kama ngazi au lifti. Ikiwa lifti iko kushoto kwako na ramani inaiweka kulia kwa nukta, ramani imepinduka. Ipige picha kwa simu, uizungushe simu mpaka lifti ya pichani ielekee lifti yenyewe. Hapo ndipo uanze kutembea. Usiitegemee ile ramani ya mtandaoni iliyokufikisha mjini. Chini ya paa la zege mawimbi ya setilaiti hufifia, na mara nyingi simu haijui uko ghorofa gani.

Na hata ukishapanda, ramani ya langoni haikufuati. Ujia unagawanyika mara mbili, kibao hakuna. Kibao chenye mshale kinawekwa pale njia zinapoachana, kabla mtu hajachagua. Kinachobandikwa juu ya mlango wa ofisi kinamfaa aliyekwisha kufika.

Na lugha je? Tumelisema hapa, tunalisema tena: Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Katika ramani ile hakuna neno hata moja la Kiswahili. Hata moja!

Wenye majengo, tokeni ofisini. Ingieni kwa lango la nyuma, kama anavyoingia mama wa Subukia, mkaitafute kaunta bila kumuuliza askari. Ramani ile ibanduliwe. Msiipindue karatasi tu, maana herufi nazo zitasimama kichwa chini. Ichoreni upya kwa ajili ya lango lile, lifti ikae kushoto, na kando ya nukta nyekundu andikeni: Uko hapa.