Kujitoa katika chama cha wafanyakazi

Mfanyakazi wa Tanzania anayejitoa katika chama cha wafanyakazi huwa na mambo mawili ya kufunga: uanachama wenyewe na makato ya mshahara. Uanachama hufungwa kwa utaratibu wa katiba ya chama. Makato yana mlango wake: kifungu cha 61 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri hukata ada kwa sababu mfanyakazi alimruhusu kwa kujaza fomu, na ruhusa hiyo hufutwa kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, inayopelekwa kwa mwajiri na kwa chama pia.

Wengi hukwama hapo. Humwandikia katibu wa tawi peke yake, au humwambia kwa mdomo, na mhasibu wa mishahara asiyeona karatasi yoyote huendelea kukata. Barua mbili zipelekwe, na kila nakala irudi ikiwa na muhuri, tarehe na saini ya aliyeipokea.

Chukua mfanyakazi wa kiwandani mwenye mshahara wa shilingi 600,000, ambaye chama chake hutoza asilimia 2. Kila mwezi hukatwa shilingi 12,000. Barua zake zimepokelewa tarehe 10 Machi, kwa hiyo notisi inakwisha tarehe 10 Aprili. Mshahara wa mwisho wa Machi utakatwa, na hilo ni halali. Wa mwisho wa Aprili haupaswi kuguswa.

Ikiwa karatasi ya mshahara wa Aprili bado inaonyesha zile 12,000, jina la makato lisomwe kwanza, kwani huenda si ada ya uanachama tena. Kifungu cha 72 kinaruhusu chama kilichotambuliwa kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama walipe ada ya uwakala, kwa kuwa nao hunufaika na mikataba ya hali bora ambayo chama hujadiliana. Ada hiyo haiwezi kuzidi ya mwanachama, lakini inaweza kulingana nayo, na fedha zake huwekwa katika akaunti ya pekee. Aliyejitoa ana haki ya kuuliza mkataba wa ada hiyo uko wapi. Kukata ada hiyo bila kumweleza ni kumwonea, hata kama mkataba upo.

Kama mkataba haupo, hayo ni makato yasiyo na ruhusa. Mwajiri adaiwe kwa maandishi arejeshe fedha, na akikataa, shauri lipelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema, maana muda wa kulifungua ni siku 60.

Hata makato yakikoma, jina linaweza kubaki katika daftari la chama. Barua ya kujitoa iombe jibu la maandishi linalotaja tarehe ya kukoma uanachama, na jibu hilo lihifadhiwe pamoja na karatasi ya kwanza ya mshahara isiyo na makato.