Fomu moja, dola ishirini na mbili

Makamanda, leo sitaongelea Katiba. Naongelea hela yako ya YouTube.

Chukua kijana anayeuza vifaa vya simu hapa Kariakoo na ana chaneli. Mwezi huu matangazo yamemwingizia dola 120, na kati ya hizo dola 20 zimetokana na watazamaji wa Marekani. Hajajaza fomu ya kodi, W-8BEN. Asipoijaza, Google inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yote, hata yale ya watazamaji wa Mbagala. Hapo dola 28.80 zimeondoka.

Akiijaza, wanakata zile dola 20 za Marekani tu. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo usiombe nafuu ya mkataba. Kiwango ni asilimia 30, yaani dola 6. Ameokoa dola 22.80, na fomu inajazwa ndani ya AdSense yenyewe.

Zinabaki dola 114. AdSense hulipa ukifikisha dola 100, na hela huja benki, haiingii kwenye simu. Jina la akaunti ya benki lifanane na la AdSense, la sivyo malipo yanaweza kurudishwa.

Benki za njiani nazo hukata, na makato mengi hayaangalii ukubwa wa kiasi. Kama huna shida ya haraka, pandisha kiwango cha malipo hadi dola 300. Utakatwa mara moja badala ya tatu.

Nani bado hajajaza? Tufungue simu sasa hivi.