Sabuni yetu inatengenezwa namna gani: maneno yaliyosemwa mbele ya atelye

(Maneno ya musimamizi wa atelye ya sabuni, siku wanachama na wafadhili walipokuja kuangalia kazi. Tunayaandika hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika.)

Leo mulango uko wazi. Hatutawaonyesha sabuni iliyokwisha kupangwa mezani tu, tutawaonyesha kazi yenyewe tangu mwanzo.

Juu ya nini tunafanya hivi? Kwa sababu pale sokoni, mama anayefua nguo anashika kipande chetu, anakinusa, kisha anauliza: «Hii haiunguzi mikono?» Ni swali la haki. Kuna sabuni za mikono zinazounguza kweli, na mutu aliyeungua mara moja anarudia sabuni ya kiwanda, hata kama iko na bei kubwa. Tukimujibu «haiunguzi» tu, ni maneno ya muchuuzi. Afazali aone.

Sabuni yetu iko na vitu vitatu: mafuta ya mawese, maji, na soda kostiki. Kinachounguza ni soda. Peke yake inakula ngozi. Lakini ikikutana na mafuta ya kutosha, yote mbili zinageuka: soda haiko soda tena, mafuta hayako mafuta tena, vimekuwa sabuni. Basi kazi yetu yote ni moja: soda isibaki hata kidogo ndani ya kipande bila mafuta ya kuikamata.

Munaona mizani hii. Kilo moja ya mawese inakamata karibu gramu 141 za soda. Kwa kilo 10, ni gramu 1.410. Sisi hatufiki pale. Tunaweka gramu 1.340, ni kusema tunapunguza karibu 5 kwa 100. Mafuta kidogo yanabaki bila soda, na hayo ndiyo yanalinda mikono. Hatupimi kwa kopo wala kwa macho. Kopo moja la soda ya unga na kopo moja la soda ya vipande haziko na uzito sawa.

Sasa mutasema: kama munapima vizuri hivyo, sabuni itaunguza tena namna gani? Hapa ndipo pako siri ambayo wengi hawaijui. Ni maji ndani ya mawese.

Mawese tunanunua kwa bidoni, na kila bidoni iko na maji kidogo yaliyobakia wakati wa kukamua. Kuna siku yanakuwa mengi. Tuseme kwenye kilo 10, kilo moja ni maji. Mizani haioni tofauti, inasema 10 tu. Lakini mafuta ya kweli ni kilo 9, na kilo 9 zinakamata gramu 1.269 peke yake. Sisi tumeweka 1.340. Gramu 71 za soda zimekosa mafuta, na ndizo zitakwenda kwenye mikono ya yule mama. Hesabu ilikuwa sawa, sabuni imeharibika.

Kwa hiyo, kabla ya kupima, tunapika mawese. Sikilizeni sufuria ile: inalialia, inatoa mapovu. Ni maji yanayotoka. Tunaacha moto wa makala ukiwa mudogo, tunakoroga, mupaka sauti iishe na mapovu yaishe. Kisha tunaacha yatulie, uchafu ushuke chini, tunachuja kwa kitambaa. Ndipo tunapima. Ukiona atelye inapima mawese palepale yanapotoka kwenye bidoni, uliza maswali.

Soda nayo iko na tabia yake. Inavuta unyevu wa hewa. Ukiacha mufuko wazi, inalowa, inapata uzito wa maji na nguvu inapungua. Hapo sabuni itakuwa laini na ya mafuta mafuta, haikauki. Ile haiunguzi, lakini inaisha haraka ndani ya maji. Ndiyo sababu soda yetu inakaa ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kukaza.

Angalieni sasa namna tunavyoiyeyusha, lakini musikaribie. Maji lita 3 ndani ya ndoo nzito ya plastiki, kisha soda inaingia polepole ndani ya maji. Kamwe hatumwangi maji juu ya soda, inaweza kuruka usoni. Munaona hakuna moto, lakini ndoo imekuwa moto sana. Anayefanya amevaa miwani na glavu, na anasimama nje, kwa sababu mvuke ule unakwaruza koo. Sufuria ya aluminiyamu haitumiki hapa: soda inaila na kutoa hewa inayoweza kuwaka. Ikirukia ngozi, ni maji mengi palepale, kwa muda murefu.

Maji ya soda yakipoa mupaka yawe ya vuguvugu, tunayamimina ndani ya mawese ya vuguvugu, tunakoroga. Inaanza kuwa nzito kama uji. Ukipitisha muiko juu na alama yake inabaki, imefika. Tunaimwaga ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa sashe. Kesho yake tunakata.

Rangi hii ya machungwa ni ya mawese yenyewe, hatuongezi rangi. Siku zikipita inafifia. Na ule unga mweupe unaouona juu ya vipande vingine ni soda kidogo iliyokutana na hewa siku za kwanza. Tunaupangusa, hauko kwenye moyo wa sabuni.

Tunakata gramu 300, lakini tunauza kwa gramu 250. Usifikiri tunakuibia gramu 50. Kipande kinakaa juu ya mbao wiki 4, maji yanatoka, kinapungua. Anayeuza sabuni ya juzi anakuuzia maji kwa bei ya sabuni, na ile inayeyuka haraka. Siku ya kutoka tunapima kila kimoja tena, kilicho chini ya 250 hakitoki.

Kabla ya kutoka, kuna kipimo cha mwisho. Ninalowesha kidole, ninakisugua juu ya kipande, ninagusa ncha ya ulimi. Ikiwa na ladha ya sabuni tu, ni sawa. Ikichoma kama betri ya tochi, soda imebaki. Tunafanya hivyo kwa vipande vitatu vya kila sanduku: cha pembeni, cha katikati, na cha chini, kwa sababu isipokorogwa vizuri, soda inaweza kukusanyika upande mumoja. Kimoja kikichoma, sanduku lote linabaki. Tunaikwangua, tunaipika tena na mawese mengine. Kwa zile gramu 71 nilizosema, karibu nusu kilo ya mawese inatosha kuzikamata. Kisha inakaa tena na inapimwa tena.

Yote yanaandikwa kwenye kaye hii: tarehe, kilo za mawese baada ya kupikwa, gramu za soda, nani alipima, ulimi ulisema nini. Tarehe ileile imepigwa juu ya kila kipande. Ukinunua leo, hesabu wiki 4 kurudi nyuma. Na kama mukono wako umewaka, leta kipande, tutafungua kaye mbele yako, tutafute sanduku lake, na tukipime pamoja.

Sasa aliye na swali aulize, na anayetaka kukoroga avae glavu.