Ubao wa Bei na Uchapaji wake: Mfano wa Saadani



Saadani ni kijiji cha wavuvi kaskazini ya Bagamoyo, ng'ambo ya mdomo wa mto Wami, kinachopakana na hifadhi ya taifa iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Mtafiti anayekusanya lugha ya biashara mahali kama hapo hukutana na ubao wa bei ulioandikwa kwa chaki, mara nyingi kwa mikono ya watu zaidi ya mmoja. Na uchukuliwe ubao wa kutungwa, wenye mistari mitano:

```
Kamba kilo 15,000/=
Kamba wadogo fungu 2000/-
Nguru kipande elfu 3
Nazi 3@1000
Chumvi sado Sh 1.500
```

Kazi ni kuuchapa bila kubadili thamani hata moja. Mchapaji anayeona ni unadhifu kuandika zote kwa mtindo mmoja amekwisha kufasiri kabla hajanakili. Kwa hiyo jedwali lake huhitaji safu mbili: ya kwanza hubeba maandishi kama yalivyo, pamoja na mkwaju, nukta na herufi zake; ya pili hubeba thamani kwa tarakimu, nayo huachwa wazi pale ambapo thamani haijulikani.

Mkwaju una historia yake. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 iligawanywa katika senti 100, na 2/50 ilisomwa shilingi mbili na senti hamsini. Pasipokuwa na senti, nafasi yake ilijazwa kistari: 2/-. Shilingi ya Tanzania iliyoingia mwaka 1966 ilirithi desturi hiyo, na leo senti zimetoweka sokoni ilhali alama imebaki, mara kwa kistari kimoja, mara kwa viwili. Hivyo /- na /= hazitofautiani kwa thamani. Hatari yake iko machoni: mkwaju uliobanwa na sifuri ya mwisho hufanana na moja, na 2000/- huchapwa 20001. Bei ya fungu imekuwa mara kumi na zaidi! Kosa hili hujitambulisha lenyewe, kwani sokoni hakuna sarafu ya shilingi moja ya kulipia bei inayoishia na 1.

Nukta ya mstari wa chumvi hudanganya kwa njia nyingine. Mwandishi wake ametenga maelfu kwa nukta badala ya mkato. Ikichapwa 1.500 katika jedwali la kompyuta lililopangwa kwa desturi ya Kiingereza, mashine huielewa kuwa moja na nusu, hufuta sifuri mbili na kuonyesha 1.5. Vivyo hivyo, 7/50 ya daftari la zamani inaweza kugeuzwa kuwa Julai ya mwaka 1950. Dawa ni kuitangaza safu ya kwanza kuwa ya maandishi kabla ya kuchapa chochote; kuirekebisha baadaye hakurudishi kilichokwisha kufutwa.

"Elfu 3" haina utata, lakini jamaa yake anao, na hapa mwanaisimu ana la kusema. Kwa kuwa elfu hutangulia kizidishi chake, nayo nyongeza huungwa kwa "na", maneno "elfu kumi na tano" yana uchanganuzi wa namna mbili: elfu mara kumi na tano, yaani 15,000, au elfu kumi pamoja na tano, yaani 10,005. Msemaji anayetaka kuondoa shaka husema "kumi na tano elfu". Sokoni usomaji wa pili hauwezekani, kwa sababu ile ile ya sarafu. Katika hati ya mirathi au ya deni la zamani, unawezekana kabisa.

Umebaki mstari wa nazi, ambao ndio mgumu kuliko yote ingawa tarakimu zake zinasomeka vizuri. 3@1000 yaweza kuwa nazi tatu kwa shilingi elfu moja, au nazi tatu, kila moja elfu. Tofauti ni mara tatu, na hakuna kitu ubaoni kinachoamua. Muuzaji huulizwa. Asipopatikana, safu ya pili huachwa tupu na sababu huandikwa kando. Kugawanya na kuandika 333 ni kubuni bei ambayo hakuna aliyeitaja.

Uhakiki hufanywa na watu wawili, mmoja akisoma karatasi na mwingine akitazama ubao au picha yake. Msomaji hutaja kila alama kwa zamu: moja, nukta, tano, sifuri, sifuri. Akisema "elfu moja mia tano", nukta imeshapotea masikioni mwa mwenzake.